CV ya mhudumu wa meli ya kitalii: anza na tarehe, maneno yatafuata

Ofisa anayeajiri wahudumu wa meli za kitalii huufungua wasifu wako akiwa na swali moja. Je, mtu huyu anaweza kupanda meli fulani, tarehe fulani, na kubaki humo mpaka mkataba uishe bila karatasi yoyote kumwangusha njiani? Ufundi wako wa kubeba sahani nne kwa mkono mmoja atautazama baadaye. Ndiyo maana wasifu wa hoteli, hata ukiwa mzuri kiasi gani, hukwama ukipelekwa baharini jinsi ulivyo.

Mwongozo huu unamhusu mtu wa idara ya hoteli ya meli, yaani wa mezani, wa vyumba, wa baa au wa jikoni. Kwa mfano tutamchukua mhudumu wa mezani aliyefanya kazi miaka minne katika hoteli ya ufukweni Diani, ambaye hajawahi kupanda meli. Wasifu wenyewe ataupeleka kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kazi katika meli nyingi za kitalii. Hapa tunauandika kwa Kiswahili ili kila mstari ueleweke unafanya kazi gani.

Hatua ya kwanza: tandika karatasi zote mezani

Kabla hujaandika neno, toa pasipoti, kitabu cha baharia kama unacho, cheti cha afya, vyeti vya usalama na kadi ya chanjo. Chukua daftari na uandike kwa kila kimoja jina lake kamili kama lilivyochapwa, namba, aliyekitoa, tarehe ya kutolewa na tarehe ya kuisha. Kisha andika tarehe unayotarajia kupanda meli na uhesabu hadi mwisho wa mkataba. Mikataba ya wahudumu kwa kawaida huwa kati ya miezi 6 na 9.

Mhudumu wetu wa Diani anataka kupanda tarehe 1 Februari 2027 kwa miezi 8, hivyo atashuka mwisho wa Septemba. Pasipoti yake inaisha 5 Desemba 2027. Cheti chake cha afya kilitolewa 14 Juni 2025, na mafunzo ya kujiokoa majini na ya kuzima moto aliyafanya Aprili 2022. Siku anayotuma maombi, Oktoba 2026, vyote vitatu viko hai. Machoni pa mwajiri, vyote vitatu vimeshaanguka.

Tuanze na pasipoti. Nchi nyingi na kampuni nyingi hutaka ibaki na miezi 6 hai zaidi ya safari. Yake itakuwa imebakiza miezi miwili tu atakaposhuka, na mtu hawezi kwenda kubadilisha pasipoti akiwa katikati ya bahari. Chukulia kwamba pasipoti yenye uhai wa chini ya miezi 18 siku ya kupanda itakuletea maswali, na ibadilishe kabla ya kuomba kazi.

Cheti cha afya cha baharia, kwa Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unaojulikana kama MLC, hakidumu zaidi ya miaka miwili. Chake kitaisha Juni, meli ikiwa safarini. Mkataba huo unaruhusu cheti kilichoisha njiani kitumike mpaka bandari inayofuata yenye daktari anayetambuliwa, kwa muda usiozidi miezi mitatu. Huo ni msamaha kwa aliyeshikwa na ajali ya kalenda, na hakuna ofisa atakayekuajiri kwa kuutegemea. Hata hivyo usikimbilie kulipia vipimo vipya. Kampuni nyingi za meli za kitalii zina fomu zao na madaktari wao, hivyo subiri upewe barua ya kazi. Kwenye wasifu andika tarehe halisi ya kuisha, na chini yake: "Niko tayari kupimwa upya kabla ya kupanda."

Kujiokoa na kuzima moto ndiko wengi wanakojikwaa. Chini ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, baharia hutakiwa kuthibitisha upya uwezo wake katika mambo hayo mawili kila baada ya miaka 5. Ya mhudumu wetu yanatimiza miaka 5 Aprili 2027, miezi miwili hadi mitatu tu baada ya kupanda. Vyeti vingine vya zamani havikuchapwa tarehe ya kuisha kabisa, na mwenye navyo hudhani ni vya maisha. Hesabu miaka 5 tangu siku ya mafunzo. Kozi ya kuhuisha ni fupi kuliko ile ya mwanzo, lakini chuo huweza kukubali mwenye cheti cha awali tu, kwa hiyo usikitupe cha zamani.

Chanjo ya homa ya manjano ina habari njema. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, kadi yake hudumu maisha yote ya aliyechanjwa. Andika tarehe ya chanjo, na penye kuisha andika "maisha".

Hatua ya pili: andika vyeti vya usalama jinsi vinavyosomwa

Mafunzo ya msingi ya usalama yana sehemu nne. Kila moja ina namba yake katika Kanuni za STCW, na namba hiyo ndiyo ofisa anayoitafuta, kwa sababu majina hutofautiana kidogo kutoka chuo hadi chuo lakini namba haibadiliki. Kujiokoa majini ni A-VI/1-1. Kuzuia na kuzima moto ni A-VI/1-2. Huduma ya kwanza ya awali ni A-VI/1-3. Usalama binafsi na wajibu kwa wenzako ni A-VI/1-4. Juu ya hizo kuna mafunzo ya ulinzi wa meli, ambayo kiwango chake cha chini ni A-VI/6-1. Kwa meli za abiria kuna pia mafunzo ya A-V/2, ambayo ndani yake mnafundishwa kuongoza umati wakati wa dharura.

Kosa la kawaida ni kuandika "Nina STCW" na kuishia hapo. Mstari huo hauna maana, kwa sababu STCW ni mkataba mzima wa mafunzo ya mabaharia, kuanzia nahodha hadi mpiga deki. Mstari mmoja wa mhudumu wetu, akishahuisha cheti chake, unakaa hivi:

```
Kuzuia na kuzima moto | STCW A-VI/1-2 | Na. ........
Kimetolewa: 17 Nov 2026 | Kinaisha: 16 Nov 2031
```

Jaza pia mamlaka iliyokitoa. Angalia kwa makini kama ulichonacho ni karatasi ya chuo ya kuhudhuria kozi au ni cheti cha mamlaka ya bahari ya nchi. Huenda ulisomea Bandari Maritime Academy ya Mombasa au Dar es Salaam Maritime Institute, lakini anayesimamia vyeti vya mabaharia ni mamlaka: KMA kwa Kenya, TASAC kwa Tanzania Bara, na ZMA kwa Zanzibar. Mwajiri akitaka kuhakiki, namba atakayoipeleka kwa mamlaka ni ile ya cheti cha mamlaka. Ukimpa namba ya karatasi ya chuo pekee, jibu linaweza kurudi kwamba haipo kwenye daftari lao, nawe ukaonekana mghushi bila kosa.

Kabla ya kutoa pesa za kozi zote, soma tangazo la kazi neno kwa neno. Baadhi ya kampuni kubwa huwafundisha wahudumu wa hoteli usalama ndani ya meli siku za mwanzo, na wakala wengine hudai vyeti kabla ya usaili. Ukikuta tangazo haliko wazi, uliza kwa barua pepe kabla hujalipia. Kama huna cheti, usiache pengo wala usizunguke. Andika: "Mafunzo ya msingi ya usalama: sijafanya, niko tayari kuanza mara moja." Ofisa anajua la kufanya na mstari huo. Cheti cha kununua mtaani kitamfikisha mwenyewe kwenye zoezi la kwanza la bwawani, ambapo atatakiwa kuruka majini na jaketi la kuokolea na kukigeuza chelezo cha mpira kilichopinduka, na hapo karatasi haimwokoi.

Hatua ya tatu: kichwa cha ukurasa na mstari wa kupatikana

Juu kabisa weka jina kama lilivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio uleule. Anayejulikana mtaani kwa jina moja na kwenye pasipoti kwa majina matatu aandike yote matatu, maana tiketi ya ndege na viza vitafuata pasipoti. Chini yake cheo kimoja. "Nafasi yoyote" humpa ofisa kazi ya kukufikiria, na hatafanya kazi hiyo.

Kuhusu cheo, kubali kwamba ngazi za meli huanza chini. Aliyekuwa mkuu wa zamu hotelini mara nyingi huanza melini kama mhudumu msaidizi. Mhudumu wetu wa Diani anaomba nafasi ya mhudumu msaidizi wa mezani na si mhudumu kamili, na kwa sababu hiyo miaka yake minne inaonekana mingi badala ya kuonekana michache.

Kisha unakuja mstari ambao karibu kila wasifu unaukosa: "Napatikana kuanzia 1 Februari 2027. Mkataba: hadi miezi 9. Viza: sina, sijawahi kunyimwa." Kama uliwahi kunyimwa viza, sema ukweli utakapoulizwa, kwa sababu fomu ya viza itauliza. Usiandike idadi ya watoto, kabila wala dini. Picha huwekwa pale tu tangazo linapoitaka, nayo iwe ya kichwa na mabega, nyuma kweupe, nguo safi ya kazi, bila miwani ya jua.

Namba ya pasipoti usiiweke kwenye wasifu unaotawanywa. Nchi iliyoitoa na tarehe ya kuisha vinatosha. Namba utampa wakala uliyekwisha kumhakiki kwa mamlaka. Hapa kuna jambo la kushika kwa mikono miwili: MLC hairuhusu wakala amtoze baharia ada ya kumtafutia kazi. Unaweza kujilipia cheti cha afya kinachotakiwa na sheria ya nchi yako, kitabu cha baharia na pasipoti. Gharama ya viza ni ya mwenye meli. Anayekudai "ada ya kuhifadhi nafasi" baada ya kuusoma wasifu wako anakuibia, hata kama ofisi yake ina bendera tano ukutani.

Hatua ya nne: kazi ulizofanya, kwa hesabu zinazopimika

Mstari wa kawaida husema: "Nina uwezo mzuri wa kuhudumia wateja na kufanya kazi chini ya shinikizo." Ofisa amesoma maneno hayo asubuhi nzima. Anachotaka ni ukubwa wa mkahawa, idadi ya meza zako, aina ya huduma na muda wa zamu, ili apime kama utaweza kasi ya melini, ambako ukumbi mkubwa wa chakula hujaa mara mbili kwa usiku mmoja na wageni wa awamu ya pili wanasubiri mlangoni. Mhudumu wetu anaandika hivi:

"Mkahawa wa viti 140. Nilisimamia meza 6, wageni hadi 24 kwa zamu. Jioni chakula cha kuagiza, kozi tatu, asubuhi bafe. Zamu ya kugawanywa, saa 10 kwa siku katika msimu wa wageni."

Zamu ya kugawanywa, yaani asubuhi kisha jioni, inafaa kutajwa kwa jina lake kwa sababu ndiyo mtindo wa meli. Usafi wa chakula nao unafaa kutajwa kwa kiwango. Meli zinazoingia bandari za Marekani hukaguliwa bila taarifa na CDC, shirika la afya ya umma la nchi hiyo, kwa mpango wa usafi wa vyombo vya majini, na alama 85 au chini yake kati ya 100 ni kufeli. Huko chakula cha moto hushikiliwa kwa nyuzi 57 za Selsiasi au zaidi, na cha baridi kwa 5 au chini. Kama ulikuwa unapima joto la bafe na kuliandika kwenye karatasi ya zamu, sema hivyo na utaje kila baada ya muda gani. Kama hukuwahi, usiazime mstari huu, kwa kuwa swali linalofuata kwenye usaili ni jinsi unavyosafisha ncha ya kipimajoto kabla ya kuichomeka kwenye sahani nyingine.

Kwa malalamiko, chagua tukio moja tu na ulieleze kwa mistari miwili: nini kilitokea, ulifanya nini, kikaisha vipi. Mfano: "Mgeni mwenye mzio wa karanga aliletewa mchuzi usio na uhakika. Niliondoa sahani kabla hajaonja, nikamjulisha mpishi mkuu kwa mdomo na kwa kuandika kwenye oda, nikaleta sahani mpya kutoka eneo safi. Tangu siku hiyo oda za mzio zilibandikwa karatasi ya rangi." Mstari wa mwisho ndio unaobeba uzito, kwa sababu unaonyesha kosa lilizibwa njia. Kuandika "nilimtuliza mgeni akafurahi" hakumwambii msomaji lolote.

Kuna upande mwingine wa huduma kwa mgeni ambao watu wa hoteli huusahau. Melini kila mfanyakazi ana kazi yake kwenye orodha ya dharura. Yule yule aliyekuletea supu ndiye atakayesimama kwenye ngazi kuwaelekeza abiria, au kuwahesabu katika kituo cha kukusanyikia na kuwafunga jaketi za kuokolea. Baada ya ajali ya meli ya kitalii Costa Concordia ya Januari 2012, kanuni zilikazwa: tangu 2015 abiria wapya wa safari ya zaidi ya saa 24 hufanyiwa zoezi la dharura kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Kwa hiyo zoezi la moto la hoteli yako ni mali. "Msimamizi wa mkusanyiko wa ghorofa ya pili, nilihesabu wageni na kuripoti kwa mkuu wa usalama" ni mstari mfupi unaomfanya ofisa asimame.

Lugha

Acha kujipima kwa nyota na asilimia. Tumia viwango vya Ulaya kuanzia A1 hadi C2, na kando ya kila kiwango andika kazi unayoweza kuifanya kwa lugha hiyo. Pwani yetu ina utajiri hapa: Kiitaliano cha Malindi na Watamu, Kijerumani cha Diani, Kifaransa na Kiitaliano cha Zanzibar. Wengi huziacha lugha hizi kwa kuwa hawakuzisomea darasani.

"Kiswahili: lugha ya mama. Kiingereza: B2, naeleza menyu, napokea malalamiko, natoa maelekezo ya dharura. Kijerumani: A2, nachukua oda na kuuliza kuhusu mzio." Kama umefanya mtihani wa Marlins wa Kiingereza cha mabaharia, andika alama na tarehe. Usipandishe kiwango. Msaili anayejua Kijerumani atageuza lugha ghafla katikati ya mazungumzo, na aliyeandika B1 akashindwa kueleza samaki ameivaje hupoteza imani hata kwa yale aliyoyaandika kweli.

Hatua ya tano: onyesha kwamba utamaliza mkataba

Kampuni hulipa tiketi, viza na mafunzo, kisha mtu hushuka mwezi wa pili kwa kushindwa kukaa mbali na nyumbani. Hofu hiyo ndiyo inayojibiwa hapa, na jibu ni ushahidi wa tarehe, maana "mvumilivu" kila mtu anaweza kujiita. Melini utafanya kazi siku 7 za juma, mara nyingi saa 10 au zaidi kwa siku, ukilala chumba kimoja na mwenzako. MLC inaweka mipaka miwili ambayo nchi ya bendera, yaani iliyosajili meli, huchagua mmojawapo: kazi isizidi saa 14 kwa siku na 72 kwa siku saba, au mapumziko yasipungue saa 10 kwa siku na 77 kwa siku saba. Kwa hiyo tafuta katika maisha yako ya kazi mahali palipofanana na hapo.

Aliyewahi kupanda meli aandike kila mkataba kwa mstari wake: jina la meli, aina, idadi ya abiria, siku ya kupanda, siku ya kushuka, na neno "umekamilika". Mkataba uliokatika uelezwe kwa maneno matatu au manne, kama "nilishushwa kwa matibabu", kwa sababu kitabu cha baharia kitaonyesha tarehe hizo hata ukizificha.

Asiyewahi kupanda ana vyanzo vingine. Kambi ya watalii Maasai Mara au Serengeti, ukikaa nyumba za wafanyakazi miezi minane bila kurudi kwenu, ni ushahidi mzuri sana. Vivyo hivyo mkataba wa miaka miwili Doha, Dubai au Maskati. Mhudumu wetu alihama kutoka Taita kwenda Diani na kuishi nyumba za hoteli, watu wanne chumba kimoja, tangu Julai 2022. Hilo anaandika wazi: "Niliishi makazi ya wafanyakazi muda wote, likizo mara moja kwa mwaka."

Mapengo nayo yanahitaji jina. Hoteli nyingi za pwani hupunguza watu au kufunga wakati wa masika, Aprili hadi Juni. Ofisa aliye Manila au Miami hajui hilo. Akiona mwezi wa tano umekosekana kila mwaka, atadhani ulifukuzwa. Andika "hoteli ilifungwa kwa masika, niliitwa tena Julai". Kuitwa tena mara tatu mfululizo ni sifa, na mwajiri wa zamani hawezi kuiandika vizuri kuliko hivyo.

Anayeomba ndege badala ya meli

Mpango ni uleule, ila uzito unahama. Shirika la ndege humfundisha mhudumu usalama lenyewe kwa aina ya ndege zake, hivyo sehemu ya vyeti hupungua na vipimo vya mwili hupanda juu. Emirates, kwa mfano, hutaka urefu usiopungua sentimita 160 na uwezo wa kufikia sentimita 212 kwa kunyoosha mkono ukisimama kwa vidole vya miguu, ili ufikie vifaa vya dharura. Jipime ukutani bila viatu na uandike namba zote mbili. Utayari wa kuhamia mji wa kituo cha shirika huchukua nafasi ya ule mstari wa miezi ya mkataba.

Kuituma

Kurasa mbili, zisizidi. Usitumie majedwali yenye safu nyingi wala masanduku ya rangi, kwa sababu fomu za mtandaoni huyasoma vibaya na tarehe za cheti kimoja hujikuta kwenye kingine. Mistari ya kawaida inatosha. Hifadhi kama PDF kwa jina linalojieleza, mfano `Jina_Ukoo_AssistantWaiter_Feb2027.pdf`. Simu ianze na +254 au +255 na iwe ile yenye WhatsApp, kwani mwito wa usaili mara nyingi hupitia huko.

Vyeti vyenyewe viskani, kila kimoja pande zote mbili, viwe kwenye faili moja tofauti na uvipange kwa mfuatano uleule wa wasifu. Kisha mpe mtu mwingine karatasi halisi, wewe usome wasifu kwa sauti, naye afuatilie kila namba kwa kidole. Namba moja iliyogeuzwa, 6 ikawa 9, inatosha kufanya cheti halali kisipatikane kwenye daftari la mamlaka. Siku cheti chochote kinapohuishwa, badilisha wasifu siku hiyohiyo na umtumie wakala nakala mpya, ukitaja kwenye ujumbe ni mstari gani uliobadilika.